Nimewaandikia mafundi watatu wa kuchomelea niwasaidie bure wiki sita, hakuna aliyejibu. Kosa liko wapi?

KijanaWaUmoja
Habari za jioni wadau. Nina miaka 24, naishi Umoja. Duka nililokuwa nauza lilifungwa, na nimebaki na akiba ya kunitosha chakula na nyumba kama miezi miwili. Nataka kuitumia kujifunza kuchomelea, hasa mageti na grili za madirisha. Nambari za mafundi nilizitoa kwenye mageti yenyewe, zile wanazoandika kwa rangi pale chini. Ujumbe niliotuma ni huu:

"Habari fundi. Natumai u mzima. Mimi ni kijana mwenye bidii na naipenda sana kazi ya kuchomelea. Naomba nafasi ya kukusaidia bila malipo yoyote kwa wiki sita ili nijifunze kazi yote. Niko tayari kufanya chochote. Nitashukuru sana."

Wote watatu wameusoma, tiki ni za buluu. Ni siku ya tano sasa. Nimekosea wapi?

Nyawira_M
Hujakosea. Fundi ana glavu, ana vumbi la grainda hadi kwenye nyusi, simu anaishika jioni akiwa amechoka. Nenda mwenyewe saa moja asubuhi wakati anafungua kibanda. Hii si kazi ya kuombwa kwa simu.

KamauWaMabati
Nyawira, wameusoma, tiki ni za buluu, kwa hiyo si suala la simu. Kilichowatisha ni hayo maneno "kazi yote". Fundi akiyasoma anaona mtu wa kumchukulia wateja. Wiki sita unachota ujuzi, wiki ya saba unafungua kibanda ng'ambo ya barabara na bei ya chini. Nimeona ikitokea Githurai, fundi na mwanafunzi wake hawasalimiani hadi leo.

Achieng_K
Pole sana. Mimi nililipa malipo ya kwanza ya geti mwezi wa tatu na fundi hashiki simu mpaka sasa. Hawa watu ukiwapa pesa mapema wanapotea. Usilipe kitu kabla hujaona chuma kimekatwa.

Nyawira_M
@Achieng_K pole dada, lakini yeye hanunui geti. Anataka kufundishwa.

Achieng_K
Aa, nimeona sasa. Basi huyo wangu akipatikana nitamwambia kuna kijana anamtafuta.

Baba_Geti
Mimi ni fundi, niko Kariobangi, mwaka wa 19 huu kwenye moto. Naomba niseme upande wetu, kwa sababu ujumbe kama huu napata kila mwezi na mingi siijibu.

Kamau, wateja si tatizo kubwa hivyo. Mteja huja kwa sababu aliona geti langu kwa jirani yake. Mtu wa wiki sita hawezi kunichukulia huyo.

Kinachonizuia kujibu ni neno "bure". Kijana anaamini ananipa zawadi, lakini kwangu msaidizi asiyejua kazi ana gharama kuanzia siku ya kwanza. Rodi moja ya milimita 2.5 inaisha kwa dakika moja hivi ikishawaka. Anayejifunza anaipoteza nusu kwa kuigandisha kwenye chuma. Asubuhi moja tu ya mazoezi inakula rodi 30 bila shida, na hizo nimezinunua mimi. Weka diski za kukata, maana mgeni huipinda diski ndani ya chuma nayo inavunjika. Halafu weka muda wangu wa kusimama nikiangalia mikono yake badala ya kushika kazi yangu.

Niwape kisa. Mwaka juzi nilimchukua kijana mzuri, mwenye adabu, wa bure kama wewe. Tulikuwa na geti la milango miwili, kila mlango upana mita 1.5 na urefu mita 2.1, tubu za geji 16. Nilikata pembe zote nyuzi 45, nikalaza fremu ya kwanza chini, nikashikisha kona kwa nukta ndogo, nikapima kona kwa kona. Kwa kipimo hicho, milalo yote miwili inapaswa kusoma milimita 2,581, na ilisoma hivyo. Mteja mwingine akanipigia simu, nikatoka kidogo. Kijana akataka kunifurahisha. Akaichomelea kona moja yote, ndani na nje, moto mfululizo, kabla ya kugusa zile nyingine tatu.

Chuma kikipoa kinajivuta kuelekea pale moto ulipokuwa. Niliporudi nikapima tena: mlalo mmoja 2,590, mwingine 2,572. Kwa macho huoni kitu. Lakini ukitundika mlango huo, upande wa kufuli unakuwa umeshuka kama sentimita moja, na komeo haliingii kwenye tundu lake. Nilikata kona ile kwa grainda, nikanyoosha, nikachomelea upya. Nusu siku ilienda, diski mbili zikaenda, na mteja akapata geti lake kesho yake akiwa amenuna.

Sikumfukuza. Lakini tangu siku hiyo ujumbe wa "niko tayari kufanya chochote" unanitia wasiwasi. Chochote ndicho hicho alichofanya.

KijanaWaUmoja
Asante sana fundi, hili sikulijua kabisa. Nilidhani kutotaka pesa ndiko kutakufanya ukubali haraka.

MtuWaMkono
Na mimi niseme upande ambao hakuna aliyeutaja. Pale kibandani kwa fundi tayari kuna mtu. Anabeba vyuma, anashika tubu ikikatwa, anapiga msasa, anapaka redoksaidi. Jioni analipwa, na hiyo pesa ndiyo unga wa nyumbani kwake. Wewe ukija bure, unafanya kazi ya nani?

Nilifanya kazi hiyo Baba Dogo miaka mitatu. Alikuja kijana wa bure kutoka familia inayojiweza, na wiki ya pili nikaambiwa nipumzike kwanza. Sikumchukia kijana, alikuwa hajui. Lakini fundi mwenye utu atasita kukujibu kwa sababu ana mtu kama mimi mbele yake.

KamauWaMabati
Hilo la @MtuWaMkono ni zito. Ila bado nasema wivu wa wateja upo.

Mama_Linet
Kijana, mimi mwanangu nililipia. Fundi wa Dandora aliniambia ada ya miezi sita, nikalipa kwa awamu mbili, na helmeti nikanunua mwenyewe. Wengi hufundisha kwa njia hiyo. Sasa kama mimi nilimpa fundi pesa ili amfundishe mtoto, wewe ukija na "sitaki malipo" hujamwongezea chochote. Anaona umemwomba punguzo.

Nyawira_M
Mama Linet, na alifundishwa kweli?

Mama_Linet
Miezi miwili ya kwanza alikuwa anatumwa chai na kufagia. Nilienda pale mwenyewe, nikamuuliza fundi mbele ya watu, "mwanangu ameshika rodi siku ngapi?" Akanyamaza. Kuanzia hapo akaanza kufundishwa. Kwa hiyo kulipa nako hakutoshi, lazima muwe mmesemezana ni lini atashika moto.

Wakili_wa_Mtaa
Kuna jambo la sheria hapa. Kwa kuwa halipwi, fundi hana jukumu lolote akiumia. Hiyo ni faida kwa fundi, angeitaja kwenye ujumbe.

Baba_Geti
@Wakili_wa_Mtaa hapo sikubaliani nawe, na usimshauri aandike hivyo. Sheria ya fidia ya majeraha kazini ya 2007, hiyo tunayoita WIBA, inamtaja hata mwanagenzi kuwa ni mfanyakazi. Tulifundishwa hilo kwenye chama chetu cha jua kali baada ya kijana mmoja kupasukiwa na diski mkononi.

Wakili_wa_Mtaa
Ni kweli mwanagenzi yumo, nimeisoma tena. Lakini mwanagenzi anayetajwa ana mkataba wa uanagenzi. Huyu wa wiki sita wa kuja kwa Wasap, asiye na karatasi wala mshahara, ni mwanagenzi au ni mgeni aliyetembelea kibanda? Hapo mawakili wawili wanaweza kubishana siku nzima.

Baba_Geti
Wabishane, lakini mimi nitakuwa nimeshampeleka hospitali kwa pesa yangu, na mamaye ameshakuja kibandani. Hiyo ndiyo sababu nyingine ya mafundi kunyamaza.

Mzee_Skrapu
Kijana, usisahau macho. Ukianza kuchomelea nunua miwani myeusi ya jua, ile nzito. Na jioni kunywa maziwa, yanatoa sumu ya moshi.

Baba_Geti
Mzee wangu, shikamoo. Nakuheshimu lakini mambo haya mawili yametuumiza vijana wengi.

Miwani ya jua haizuii ule mwanga. Inapunguza ukali unaouona, kwa hiyo unakodoa macho zaidi huku miale ileile inaingia. Mchana husikii chochote. Saa sita usiku unaamka unahisi mchanga machoni, machozi yanatiririka, taa ya chumba inachoma. Kwa rodi za kawaida tunazotumia kioo cha helmeti kiwe namba 10 au 11. Na msaidizi anayeshika tubu karibu anahitaji kinga sawa na anayechoma, kwa sababu yeye ndiye anayeangalia bila kujua moto utawaka saa ngapi.

Mzee_Skrapu
Marahaba. Mimi nimetumia miwani ya jua tangu 1988 na bado naona.

Nyawira_M
Mzee, unasoma hapa kwa miwani ya kusomea au bila?

Mzee_Skrapu
Kwa miwani ya kusomea. Lakini huo ni uzee. Na maziwa je?

Baba_Geti
Maziwa ni chakula kizuri, ila hayatoi moshi kifuani. Ule mtetemeko wa jioni, baridi na homa kama ya malaria, mara nyingi unatokana na chuma kilichopakwa zinki, zile bomba nyeupe za maji. Siku ya pili homa inaondoka, na kwa kuwa mtu alikunywa maziwa anasema ni maziwa yaliyomponya. Dawa ni kusaga ule weupe utoke pale utakapochoma, halafu ukae upande upepo unakotoka. Nami niliamini maziwa miaka saba.

MtuWaMkono
Mimi bado nakunywa. Lakini nitasaga pia.

KijanaWaUmoja
Nimesoma yote, mengine mara mbili. Nimeandika upya, naomba mnikosoe kabla sijatuma:

"Habari fundi. Naitwa ___, nakaa Umoja. Geti lako jeusi karibu na stejini nimeliona, pale vyuma vinapokutana hapaonekani donge. Naomba kuja kujifunza wiki sita, Jumatatu hadi Ijumaa, asubuhi mpaka saa nane. Sijawahi kushika moto. Nitakuja na helmeti, glavu za ngozi na buti zangu, na rodi za mazoezi nitanunua mwenyewe. Kazi ya mteja sitaigusa mpaka uniambie. Kama una msaidizi wa kulipwa, sitaki kumtoa, nitakuwa chini yake. Naweza kuja kesho saa moja asubuhi tuongee dakika tano?"

Mama_Linet
Huu sasa umeandikwa na mtu. Ule wa kwanza ulifanana na barua ya kuomba kazi ya ofisi.

KamauWaMabati
Umeondoa "kazi yote". Vizuri.

Baba_Geti
Huu ningeujibu. Una marekebisho mawili tu.

Kwanza, "asubuhi mpaka saa nane" itakunyima kitu. Vipimo huchukuliwa asubuhi, lakini geti hufungwa kwa mteja alasiri, na kule ndiko utakakoona kama fremu ilikuwa sawa au la. Tenga angalau siku mbili za wiki ukae hadi jioni.

Pili, ongeza unachoomba kujifunza kwanza. Usiombe geti. Omba kuchora mstari wa moto kwenye bamba la unene wa milimita 4 au 5, vipande vya chakavu, mpaka mstari utoke sawa. Tubu ya geji 16 ina unene wa milimita moja na nusu na kidogo, mgeni anaitoboa. Ukiomba bamba nene fundi anajua umeuliza watu kabla ya kuja.

KijanaWaUmoja
Na amperi? Nimesikia 80.

Baba_Geti
Kwa rodi ya 2.5 unaanzia hapo kwenye bamba, kati ya 70 na 90. Kwenye tubu nyembamba unashuka kuelekea 60. Lakini mashine zetu nyingi za kienyeji namba ya kwenye mkono wa kuzungushia si ya kuamini, na stima ya mtaani ikishuka jioni moto unabadilika. Sikiliza sauti. Ikikaangika kama kitunguu kwenye mafuta, uko sawa. Rodi ikiganda kila mara, moto ni mdogo. Ikirusha cheche hadi kwa jirani na kuchimba shimo, ni mkubwa.

Wakili_wa_Mtaa
Ningeongeza karatasi moja, hata ya daftari: tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza, kwamba unajifunza, na nani atalipa matibabu. Mtie sahihi wote wawili.

Baba_Geti
Karatasi ni nzuri, lakini usiitaje kwenye ujumbe wa kwanza. Fundi akiona karatasi kabla hajakuona uso, atafikiri umetumwa na mtu.

Wakili_wa_Mtaa
Na baada ya wiki ya tatu hataona haja nayo tena. Mimi nasema iandikwe mapema.

MtuWaMkono
Mimi swali langu halijajibiwa. "Nitakuwa chini yake" ni maneno mazuri, lakini fundi akiona bure inafanya kazi sawa na ya kulipwa, yule wa kulipwa ataenda nyumbani tu. Kwa nini usiombe chakula cha mchana na nauli angalau? Hapo hutakuwa bure kabisa, na bei ya mkono haitashuka.

KijanaWaUmoja
@MtuWaMkono nimelifikiria usiku kucha, kwa kweli. Nikiomba chakula naogopa atakataa. Nisipoomba nahisi namkanyaga mtu. Labda niseme sitabeba wala kupaka rangi kazi za mteja ila siku ambayo msaidizi wake hayupo?

MtuWaMkono
Afadhali hivyo. Si suluhisho, lakini afadhali.

Mama_Linet
Asipobeba atajifunzaje? Kubeba ndiko kunakofundisha uzito wa chuma na kipi kinakaa wapi.

Nyawira_M
Na wiki sita zinatosha kweli? Mwana wa Mama Linet alilipiwa miezi sita.

Baba_Geti
Kwa geti, hapana. Wiki sita zinatosha kukata kwa kipimo, kushikisha kona, kuchora mstari wa kulala na kujua umekosea wapi. Mstari wa kusimama wima na wa juu ya kichwa unataka miezi. Mwenye kuendelea mwaka au zaidi anaweza kukalia mtihani wa NITA wa gredi ya 3 hata bila kupitia chuo, wako hapo Eneo la Viwanda. Ila asimwahidi mteja yeyote geti baada ya wiki sita.

KamauWaMabati
Baba Geti, mbona usimchukue wewe? Umoja hadi Kariobangi anatembea kwa miguu.

Baba_Geti
Nina wawili tayari na mashine moja. Wa tatu atakuwa wa kutazama tu, na kutazama hakufundishi mkono.

KijanaWaUmoja
Wadau, taarifa. Nilituma kwa mafundi wawili wapya. Mmoja kimya. Wa pili, wa Kayole, alijibu baada ya saa moja: "Kuja Jumatatu. Buti isiwe ya raba." Sikuuliza kuhusu karatasi, Wakili nisamehe. Msaidizi wake anaitwa mzee Oti, nilimsalimia kwanza kabla ya fundi, na yeye ndiye aliyenionyesha pa kuweka begi.

Leo ni siku ya nne. Nimechoma rodi 22 kwenye bamba chakavu. Za kwanza tisa ziliganda. Sasa mstari unatoka, lakini kwa juu unaonekana umepanda kama kamba iliyolazwa juu ya chuma, haujazama pembeni. Fundi alitazama akasema "bado" akaondoka.

Mzee_Skrapu
Macho vipi?

KijanaWaUmoja
Mazima mzee. Helmeti namba 11.

MtuWaMkono
Na mzee Oti bado analipwa?

KijanaWaUmoja
Jana jioni nilimwona akipewa. Leo niliondoka mapema, sijui.

Baba_Geti
Mstari uliopanda kama kamba ni moto mdogo au mkono unaokimbia. Usibadilishe vyote viwili kwa pamoja, hutajua kipi kilikuwa kibaya. Kesho ongeza amperi 10 tu, mkono uende vilevile, halafu gonga maganda yote, sugua kwa brashi ya waya, kisha ukate kile kipande kwa msumeno unaokatiza mstari kwa upana wake. Tuma picha ya ule mkato, si ya juu.